Fedha ya msimu ilale wapi: akaunti ya akiba, dhamana za Hazina au vipande?

Mfanyabiashara wa mahindi wa Kalenga ana miezi ya kununua na miezi ya kungoja. Mavuno yakitoka shambani kuanzia Juni, fedha yote iko kwenye magunia. Akishamaliza kuuza, tuseme mwanzoni mwa Desemba, mtaji unarudi mkononi na hauna kazi ya maana hadi msimu ujao. Wiki hii tuangalie fedha hiyo ilale wapi kwa miezi hiyo sita.

Wengi huiacha kwenye akaunti ya akiba ya kawaida. Ni mahali pa kufaa kwa fedha ya kulipia lori wiki ijayo, kwani inachukuliwa wakati wowote. Lakini riba ya akaunti hizi kwa miaka ya karibuni imekuwa kama asilimia 2 hadi 3 tu kwa mwaka, nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kabla hujahesabu ada za mwezi.

Njia ya pili ni dhamana za serikali za muda mfupi, ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuziuza kwa mnada mwaka 1993. Zipo za siku 35, 91, 182 na 364, na kiwango cha chini cha kushiriki ni shilingi 500,000. Dhamana hizi hazilipi riba kila mwezi. Unanunua kwa bei pungufu, na siku ya kuiva serikali inakulipa thamani kamili. Tofauti hiyo ndiyo faida yako.

Hesabu ya mfano

Tuchukue dhamana ya siku 182 yenye thamani ya kuiva ya shilingi 6,000,000. Tuseme mnada umetoa faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Hiki ni kiwango cha mfano tu, kwa kuwa kila mnada una bei yake. Bei kwa kila shilingi 100 hupatikana hivi:

```
100 / (1 + 0.08 x 182/365) = 96.1640
```

Kwa hiyo mnunuzi analipa shilingi 5,769,840. Siku ya kuiva anapata 6,000,000, yaani ziada ya 230,160. Ziada hiyo nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na kinachobaki ni shilingi 207,144.

Fedha hiyo hiyo ya 5,769,840 ikilala kwa siku hizo hizo kwenye akaunti ya akiba yenye riba ya asilimia 2.5, itazaa kama shilingi 71,900. Baada ya kodi ni kama 64,700. Ada ya akaunti ikiwa shilingi 2,000 kwa mwezi, toa nyingine 12,000. Tofauti ya njia hizi mbili ni zaidi ya shilingi 150,000 kwa fedha ambayo ingelala tu.

Kalenda ndiyo mtego

Mnunuzi haendi mwenyewe mnadani. Anapitia benki au dalali wa soko la hisa, ambaye kwanza humfungulia akaunti ya dhamana katika daftari la Benki Kuu. Kazi hiyo ifanywe kabla fedha haijarudi, na ada ya wakala iulizwe mapema, maana kwenye kiasi kidogo inaweza kumeza sehemu ya faida. Kisha unaandika bei unayotaka kununulia. Ukiandika bei ya chini mno ukitaka faida kubwa, wenzako walioandika ya juu watapewa na ombi lako litakosa.

Hapo ndipo tarehe inapouma. Ukilipia dhamana tarehe 11 Desemba, siku 182 zinakufikisha 11 Juni, na mavuno ndiyo kwanza yanaanza. Lakini ukikosa mnada huo na kusubiri mwingine wiki mbili baadaye, dhamana itaiva 25 Juni. Wenzako watakuwa wameshanunua mahindi ya mwanzo, nawe unaangalia. Kuiuza kabla ya kuiva kunawezekana, lakini unahitaji mnunuzi, na bei atakayotoa inaweza kufuta faida yote. Aliyekosa mnada wa kwanza ni heri achukue ya siku 91, ambayo itaiva mwishoni mwa Machi, kuliko kung'ang'ania ya siku 182.

Vipande vya mfuko

Njia ya tatu ni mfuko wa pamoja. Unaojulikana zaidi kwa fedha ya muda mfupi ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2013. Watu wengi huchanga, meneja huwekeza, na kila mmoja humiliki vipande. Thamani ya kipande hutangazwa ikiwa imeshatolewa gharama za uendeshaji. Mfuko huu hautozi ada ya kuingia wala kutoka, na anayeuza vipande hulipwa ndani ya siku chache za kazi.

Mfuko ukikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, fedha ya mfano wetu ingeongezeka kwa kama shilingi 287,700 katika siku hizo 182. Kwa nini mfuko uweze kuzidi dhamana? Kwa sababu mabilioni yaliyochangwa hupata riba ya mapatano kwenye amana za benki, na sehemu huwekwa kwenye hatifungani za miaka mingi, ambazo kwa kawaida hulipa zaidi. Hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Riba sokoni ikipanda, hatifungani za zamani hushuka bei, na hakuna anayekuahidi kipande hakitateremka. Kabla ya kununua, omba taarifa ya mfuko uone ni sehemu gani iko kwenye amana na sehemu gani kwenye hatifungani ndefu.

Usalama

Wapo wanaosema benki ni salama kuliko vyote. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano zilizopungukiwa mtaji, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi ya Njombe, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ililinda shilingi 1,500,000 tu kwa kila mwenye amana katika benki moja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi 7,500,000, kwa hiyo milioni sita za mfano wetu leo zingelindwa zote. Mwenye milioni ishirini katika benki moja hawezi kusema hivyo. Bima hiyo hailindi vipande wala dhamana. Nyuma ya dhamana ipo serikali yenyewe, na nyuma ya vipande zipo mali za mfuko.

Basi mwenye milioni sita afanye nini? Swali la kwanza ni fedha itatakiwa lini, na asilimia zifuate baadaye. Fedha ya lori, magunia na ada ya shule ya Januari ibaki kwenye akaunti ya akiba. Fedha inayoweza kuhitajika siku asiyoijua, pengine bei ya mahindi ikianguka ghafla Februari, ikae kwenye vipande. Ile ambayo hakika haitaguswa hadi Juni inunue dhamana, mradi tarehe ya kuiva itangulie siku ya kununua mahindi kwa angalau wiki moja.