Kingatiba ya minyoo shuleni: kipimo cha kimo, hesabu ya wameza dawa na maambukizi mapya

Katika shule za msingi za Mbulu na Hanang, kama kwingineko Tanzania, siku ya kingatiba huweza kuwa na dawa mbili zisizopimwa kwa njia moja. Albendazoli ya miligramu 400, iliyo ya minyoo ya tumbo, hutolewa kidonge kimoja kwa kila mwanafunzi, awe mrefu au mfupi. Prazikwanteli, iliyo ya kichocho, hukadiriwa kwa uzito, yaani miligramu 40 kwa kila kilo. Kwa kuwa mizani ya kuaminika ni adimu shuleni, Shirika la Afya Duniani huelekeza kimo kitumike badala ya uzito.

Fimbo ya kimo imegawanywa katika vipande. Mtoto wa sentimita 94 hadi 109 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 600. Wa 110 hadi 124, kimoja na nusu. Wa 125 hadi 137, viwili. Wa 138 hadi 149, viwili na nusu. Wa 150 hadi 159, vitatu. Na wa 160 hadi 177, vinne. Aliye chini ya sentimita 94 hapimwi kwa fimbo hii. Mtoto wa sentimita 131 atapata miligramu 1200. Akiwa na kilo 30, hiyo ni miligramu 40 kwa kilo. Akiwa mwembamba wa kilo 24, ni 50. Akiwa mnene wa kilo 36, ni 33. Zote zimo kati ya 30 na 60, mipaka ambayo fimbo ilitengenezwa kuilinda. Kinachoiharibu ni mambo madogo: viatu ambavyo havikuvuliwa, fimbo iliyosimamishwa juu ya udongo usio sawa, au mtoto aliyeinama. Aidha, dawa imezwe baada ya chakula, maana tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na mtoto anayetapika hahesabiki kuwa ametibiwa.

Mbulu ina tahadhari yake. Uchunguzi wa nguruwe wilayani humo umeonyesha viluwiluwi wa tegu, na viluwiluwi hao wakiingia katika ubongo wa binadamu huleta kifafa. Prazikwanteli inapowaua, ubongo huweza kuvimba na degedege kutokea. Hivyo mtoto mwenye historia ya kifafa asimezeshwe shuleni, bali aonwe kwanza na mganga.

Baada ya zoezi huja hesabu. Mathalani, shule ina wanafunzi 400 katika daftari na 360 wamemeza: asilimia 90. Lakini ikiwa kijijini kuna watoto 500 wa umri wa shule, wakiwemo wanaochunga ng'ombe na wasioandikishwa, walewale 360 ni asilimia 72, chini ya lengo la asilimia 75 ya watoto walio hatarini. Tofauti si ya hesabu ya kugawanya, bali ya nani amewekwa chini ya mstari. Kwa jamii za wafugaji zilizotawanyika Hanang, na za bonde la Yaeda huko Mbulu, idadi ya walioandikishwa pekee huwaficha watoto wasiofikiwa.

Hata hesabu iliyo sahihi haisemi kama minyoo imepungua. Hilo hujulikana kwa kuhesabu mayai katika choo kabla ya dawa, kisha siku 14 hadi 21 baadaye. Tuseme kwa safura wastani ulikuwa mayai 300 kwa gramu, ukawa 24: umepungua kwa asilimia 92, na dawa imefanya kazi, kwani kiwango kinachotarajiwa kwa albendazoli ni angalau asilimia 90. Ukibaki 150, lawama isitupwe kwa maambukizi mapya. Buu la safura lililopenya ngozi huhitaji takriban wiki tano au zaidi kukomaa na kutaga. Sababu itafutwe katika vidonge vilivyotemwa, ubora wa dawa, au usugu wa minyoo.

Lakini wastani ulioshuka hadi 24 ukirejea 180 baada ya mwaka, dawa haikushindwa: udongo umewaambukiza watoto upya. Askarisi hurudi upesi zaidi; muhtasari wa tafiti nyingi uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa baada ya miezi 12 maambukizi yake hurejea karibu na hali ya kabla ya tiba. Kwa mganga, jibu la hali ya kwanza ni kukagua dozi na namna ya kumezesha. Kwa hali ya pili, kidonge cha mwaka ujao kiendelee, pamoja na choo kinachotumika na mtoto avae viatu.