Simu Imepotea, Msamaria Ameirudisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkulima wa Kwai anayeteremka Lushoto kwa bodaboda na gunia la karoti anaweza kudondosha simu kwenye kona na asijue mpaka afike sokoni. Mara nyingi anayeiokota ni mtu asiyemfahamu, na wengi wa waokotaji hao huirudisha. Maelezo haya yanawahusu wote wawili: aliyeokota, ili wema wake usimletee matatizo, na mwenye simu, ili arudishiwe kwa usalama na ajue namna ya kushukuru.

Nimeokota simu njiani. Nifanye nini kwanza?
Iache ikiwa imewaka na usitoe laini, kwa sababu laini hiyo ndiyo njia ya mwenyewe kukufikia. Simu ikiita, pokea, hata kama imefungwa kwa namba ya siri. Simu inayoingia hupokelewa bila kuifungua. Usifungue picha wala ujumbe wa mtu. Chaji ikikaribia kwisha, ichaji.

Nikikaa na simu niliyoiokota, je, ni wizi?
Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inatazama nia. Anayejifanyia mali yake kitu kilichopotea, huku akimjua mwenyewe au akiwa na njia ya kawaida ya kumpata, anaweza kuhesabiwa mwizi. Kwa simu, njia ya kumpata mwenyewe huwa ipo, kwani ndugu zake watapiga. Kuitunza ili uirudishe si kosa.

Watu wanasema ukiipeleka simu polisi unawekwa ndani. Ni kweli?
Hofu hiyo inaeleweka, lakini kupeleka kitu ulichookota ni dalili ya nia njema, si ya wizi. Ukiona kituo kiko mbali, ikabidhi kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya shahidi. Omba iandikwe siku, mahali ulipoiokota na jina la aliyeipokea.

Napiga simu yangu iliyopotea, naambiwa haipatikani. Ina maana imeibwa?
Si lazima. Milima ya Usambara ina mabonde ambako mtandao hukatika, na simu iliyowaka inaweza isipatikane mpaka aliyeishika apande kwenye mwinuko. Tuma ujumbe mfupi wa heshima wenye namba ya kukupata, kwa mfano: "Habari ndugu, simu hii ni yangu, imedondoka njia ya Kwai. Tafadhali nipigie kwa namba hii." Ujumbe huo husubiri na huweza kuingia mtandao ukirudi, wakati simu uliyopiga ikakosa kupokelewa inakuwa imepita.

Je, nifunge laini au nisubiri msamaria?
Linda fedha zako mara moja, hata kama una matumaini. Azima simu ya mtandao uleule, piga 100, na uombe akaunti yako ya fedha izuiwe. Kufunga laini ni jambo jingine: laini ikifungwa, aliyeokota hatapokea tena simu yako, hivyo iamue ukiona dalili mbaya, kama vile simu kuzimwa ghafla au watu wako kuanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Aliyeokota anataka nimtumie nauli kwanza. Nitume?
Usitume fedha kabla ya kuiona simu, na usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Matapeli husikia kwamba simu imepotea, kisha hujifanya wameiokota. Msamaria wa kweli atakubali mkutane mchana mahali penye watu, kama ofisi ya kijiji, na nauli utampa mkononi baada ya kupokea simu.

Nitajuaje kwamba anayeidai ndiye mwenyewe?
Muulize mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua: kioo kina ufa wapi, kava ni la rangi gani, nani alipiga mwisho. Kisha mpe aifungue mwenyewe mbele yako, bila kukutajia namba ya siri. Akiwa na namba ya utambulisho wa simu, iitwayo IMEI, ilinganishe na ile inayotokea kwenye kioo mkibonyeza *#06#.

Simu imerudi. Kuna la kukagua?
Badili namba za siri na utazame miamala ya fedha. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa wakala au ofisi ya mtandao huo. Kama ulikuwa umesharudisha namba yako kwenye laini mpya, ile ya zamani iliyomo ndani ya simu haitafanya kazi tena. Na kama uliomba simu yenyewe ifungiwe kwa IMEI, itabidi uombe ifunguliwe.

Je, sheria inamlazimu mwenye simu kumlipa aliyeirudisha?
Wengine husema aliyeokota ana haki ya sehemu ya kumi ya thamani. Kanuni ya Adhabu haitaji fungu lolote la namna hiyo, na si halali kuizuia simu ili ulipwe. Hata hivyo ni haki na adabu mwenye simu amrudishie mwenzake nauli na gharama ya kuchaji, na zawadi zaidi ya hapo ni hiari.

Nimshukuruje mtu nisiyemjua, tena aliyekataa zawadi?
Mwambie hasa alichofanya na alichokuokolea, kwa maneno machache. Huu ni mfano wa ujumbe ambao mama mkulima anaweza kumtumia jioni ileile:

"Shikamoo kaka. Mimi ndiye uliyenirudishia simu leo pale ofisi ya kijiji. Humo mna namba za wateja wangu wa viazi, na picha ya marehemu baba ambayo haipo mahali pengine. Ungeweza kuizima ukaenda zako, lakini uliichaji kwako, ukapokea nilipopiga, ukapanda mlima kuniletea, na nauli ukaikataa. Sina cha kukulipa kinachofanana na hilo. Mungu akuzidishie wewe na watoto wako. Ukipita Kwai, usipite bila kuingia kwangu."

Naweza kumtangaza ili watu wote wamjue?
Muulize kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, ikiwemo namba yake ya simu na picha yake. Akisema hapana, mshukuru mkutanoni au msikitini au kanisani bila kumtaja jina, kijiji kitaelewa.

Nifanye nini leo, kabla simu haijapotea?
Bonyeza *#06#, andika IMEI kwenye daftari na uliache nyumbani. Kisha bandika ndani ya kava karatasi yenye namba ya ndugu yako mmoja, kwa sababu simu ikiisha chaji, aliyeiokota anaweza kukosa njia nyingine ya kumpata mwenyewe. Usiandike hapo namba ya siri, wala usiandike namba ya laini iliyomo ndani ya simu hiyohiyo.