HESABU YA ZAKA NA GUNIA LILILOFIKA NYUMA YA HESABU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Somo letu la leo ni la wale wanaopewa amana ya kuhesabu zakatul fitri, na la wote wanaosomewa ripoti yake asubuhi ya Idi.

Tuchukue mfano. Usiku wa kuamkia Idi, tume ya watu watatu inahesabu depo ya msikiti. Familia 86 zimetoa, watu 430, kila mtu pishi moja, yaani karibu kilo mbili na nusu za mchele. Yamepatikana magunia 43 ya kilo 25, jumla kilo 1.075. Saa 3:40 usiku wametia sahihi: «Zaka zote za mtaa zimekusanywa na kuhesabiwa, kilo 1.075.» Saa 3:45 baba mmoja anabisha hodi. Nyumbani kwake wako watu wanane, ameleta kilo 20.

Kumwambia arudi kesho haifai. Katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Daud, anayeitoa kabla ya sala, hiyo ni zaka. Anayeitoa baada ya sala, hiyo ni sadaka kama sadaka nyingine. Basi lazima apokelewe usiku ule ule. Lakini karatasi imekwisha tiwa sahihi, na neno «zote» limekuwa uongo ndani ya dakika tano, wala hakuna aliyekusudia kusema uongo.

Wengi hapa hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza hufuta 1.075 na kuandika 1.095. Sasa karatasi inasema watu watatu walihesabu kitu ambacho wawili kati yao hawakukiona, maana walikwisha kwenda nyumbani. Wa pili humimina mchele ule pamoja na mwingine, akanyamaza, akisema moyoni: kuzidi si kupungua, nani atalalamika? Huyu ndiye wa kuogopwa zaidi, hata kama nia yake ni safi. Ikiwa usiku huo mwizi amechota kilo 20, asubuhi mizani itatoa 1.075 sawasawa na karatasi. Wizi umefunikwa na mchele wa yule baba, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo ziada isiyoandikwa ni ya kuulizwa kama vile upungufu.

Njia iliyo sawa si ngumu. Mtunza depo anapima kilo 20, anampa baba yule stakabadhi namba 87 yenye saa juu yake, na mchele anauweka kando, hauchanganyi. Karatasi ya kwanza haiguswi. Chini yake inabandikwa karatasi ya pili: «Nyongeza. Saa 3:45 usiku, stakabadhi namba 87, kilo 20. Imepokelewa na mtunza depo peke yake, tume haijaihakiki.» Asubuhi tume inaipima mbele ya watu, na wanatia sahihi zao hapo.

Lakini ingekuwa vizuri zaidi kama karatasi ya kwanza ingeandikwa hivi: «Tulihesabu yaliyokuwemo depo saa 3:40 usiku, stakabadhi namba 1 mpaka 86. Magunia 43. Magunia 10 tuliyapima kwa mizani. 33 tuliyahesabu tu, kwa kilo 25 kila moja. Kilichofika baada ya saa hiyo hakimo.» Hata yakija magunia mia usiku ule, maneno haya hayageuki kuwa uongo. Yanasema walichokiona, saa waliyokiona, na mahali macho yao yalipokoma.

Tazameni Sura Yusuf, aya ya 81. Kombe lililopotea lilikuwa pishi ya mfalme, chombo cha kupimia nafaka. Ndugu zake waliliona likitolewa katika mzigo wa mdogo wao. Mkubwa wao aliwafundisha wamwambie baba yao kwamba mwanawe ameiba, kisha waongeze kuwa wanashuhudia kwa wanalolijua tu, na hawakuwa walinzi wa yaliyofichika. Neno «ameiba» lilipita kile walichokiona, maana kombe lilitiwa humo kwa makusudi. Ile nyongeza ndiyo iliyobakiza ushahidi wao ndani ya mpaka wake.

Jambo moja limebaki. Maneno ya kweli yanaweza kudanganya pia. Katibu anayejua habari za zile kilo 20, kisha akasoma mbele ya watu karatasi ya kwanza peke yake, hakuna neno la uongo alilotamka, lakini msikilizaji anaondoka akidhani ni zote. Karatasi mbili zisomwe pamoja, kwa sauti ile ile, kabla ya kuanza kugawa.