Dondoo muhimu: Barua pepe ya ubia, kutoka Riyadh kwenda Jeddah

Mnawaandikia wenzenu wa Jeddah kuhusu watumishi wa nyumbani wa Afrika Mashariki waliokwama? Tangulizeni namba ya leseni ya chama chenu. Wataikagua kabla ya kusoma mengine.

Lengo liwe moja: mfanyakazi apate hati ya kusafiria na arudi kwao. Majukumu yafuate mahali. Balozi za Kenya na Tanzania ziko Riyadh, basi nyinyi mfuatilie hati. Wenzenu wa Jeddah wampokee mhusika na kumtafutia mkalimani. Tajeni wazi nani atalipa tiketi, maana ugomvi huanzia hapo. Michango isikusanywe bila kibali.

Malizeni hivi: “Tunaomba tuzungumze Jumapili au Jumanne, baada ya sala ya alasiri, juu ya rasimu ya makubaliano. Barua hii bado si mkataba.”