Gama ya nusu: shuka ngazi kwanza, kokotoa baadaye

Umepewa ∫₀^∞ x⁴ e^(−x²) dx na dakika ni chache. Tatizo ni kwamba e^(−x²) haina integrali inayoandikika kwa funksheni za kawaida. Usihangaike nayo. Igeuze iwe Gama, kisha umalize kwa mistari michache.

Tambua umbo. Gama ni hii:

Γ(s) = ∫₀^∞ t^(s−1) e^(−t) dt

Soma kipeo cha t, ongeza 1, umepata s. Ukiona t³, s ni 4. Wengi huandika 3 na kupoteza alama hapo hapo.

Kagua ncha zote mbili. Upande wa infiniti hauna shida, kwa sababu e^(−t) hushuka haraka kuliko kipeo chochote cha t kinavyopanda. Kaza macho upande wa sifuri. Chukua s = 1/2: t^(−1/2) hupaa karibu na sifuri. Basi anzia kwenye ε badala ya sifuri. Kutoka ε hadi 1, integrali ya t^(−1/2) ni 2 − 2√ε, na ε ikikaribia sifuri unabaki na 2. Uko salama, maana e^(−t) haizidi 1 hapo. Lakini s ikiwa 0, una 1/t, nayo inakupa −ln ε, ambayo hukua bila kikomo. Kwa hiyo integrali hii inakubali s kubwa kuliko sifuri tu.

Jua ngazi ya kushukia. Integreti Γ(s+1) kwa sehemu: idiferenshieti t^s, iintegreti e^(−t).

Γ(s+1) = [−t^s e^(−t)]₀^∞ + s ∫₀^∞ t^(s−1) e^(−t) dt = s Γ(s)

Mabano yanakuwa sifuri kwenye ncha zote mbili, mradi s ni chanya. Kwa kuwa Γ(1) = 1, ukipanda ngazi hii unapata Γ(n) = (n−1)! kwa namba asilia. Γ(5) ni 24, si 120.

Pata nusu mara moja, uikariri. Weka t = u², hivyo dt = 2u du. Hiyo 2u usiiache nyuma: u yake inakatana na 1/u inayotoka kwenye t^(−1/2). Unabaki na

Γ(1/2) = 2 ∫₀^∞ e^(−u²) du

Iite integrali ya kulia I, bila ile 2. Sasa izidishe I kwa I, moja ukiiandika kwa x, nyingine kwa y. Unapata integrali ya e^(−(x²+y²)) juu ya robo ya bapa. Hamia kwenye r na pembe θ, ambako dx dy inakuwa r dr dθ. Hiyo r ndiyo inayofungua mlango: ∫₀^∞ r e^(−r²) dr ni 1/2 bila taabu. Pembe inakwenda kutoka 0 hadi π/2 tu, kwa sababu x na y zote ni chanya. Ukiweka 2π, jibu lako litakuwa kubwa mara mbili.

I² = (1/2)(π/2) = π/4, hivyo I = √π/2, na Γ(1/2) = √π ≈ 1.772

Rudi kwenye swali. Weka t = x². Basi x⁴ = t², na dx = ½ t^(−1/2) dt.

∫₀^∞ x⁴ e^(−x²) dx = ½ ∫₀^∞ t^(3/2) e^(−t) dt = ½ Γ(5/2)

Kipeo ni 3/2, ongeza 1, s ni 5/2. Sasa shuka ngazi mpaka kwenye nusu:

Γ(5/2) = (3/2)(1/2)√π = 3√π/4 ≈ 1.329

Jibu ni nusu yake: 3√π/8, karibu 0.665.

Pima jibu kabla ya kufunga daftari. Kati ya 2 na 3 Gama inapanda tu. Γ(2) ni 1, Γ(3) ni 2, hivyo Γ(5/2) lazima ikae katikati yao. 1.329 imekaa.

Ukikutana na hasi, acha integrali, tumia ngazi kinyumenyume: Γ(−1/2) = Γ(1/2) ÷ (−1/2) = −2√π. Kwa 0, −1, −2 na kuendelea, ngazi inakulazimisha kugawa kwa sifuri. Hapo Gama haina thamani.

Sasa zamu yako: kokotoa ∫₀^∞ √x e^(−x) dx. Ukipata √π/2, ngazi umeishika.