Somo la Picha: Kuvitambua Vifaa vya Kumwagilia Maji Shambani

Wakulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe, somo letu la mwezi huu ni la kutazama picha. Siku hizi wengi wenu mna simu za kupigia picha, na kifaa cha maji kikiharibika shambani mwampelekea picha Bwana Shamba au mwenye duka la mabomba, mkaandika, "Nataka kitu kama hiki." Mara nyingi kinachonunuliwa si kile. Mtu wa Mtongwe amevuka feri, ametoa fedha zake, amerudi na kiungo ambacho hakishiki mpira wake, na bamia zazidi kunyauka katika jua la kaskazi. Picha yenyewe haina kosa. Ina habari nyingi, lakini sharti mtu ajue kuisoma.

Basi tazameni picha iliyo juu ya ukurasa huu. Ni kipande cha shamba upande wa Kisauni. Kuna tanki jeusi la lita 1,000 juu ya matofali, kama mita moja kutoka chini. Kuna mipira kumi imelazwa juu ya matuta ya bamia, kila mmoja una urefu wa mita 15. Na pembeni, kushoto, kuna kitalu cha mchicha chenye vijiti vinavyorusha maji.

Wengi wataanza kutazama vile vijiti. Anzeni na tanki. Kimo cha tanki ndicho kinachoeleza ni kifaa gani kinaweza kufanya kazi mahali hapo na ni kipi hakiwezi, maana maji yanayoteremka yenyewe hupata nguvu kwa kadiri ya kimo yanapotoka. Sprinkla kubwa ya shaba, ile yenye mkono unaogonga tak-tak-tak ikizunguka, hutaka nguvu kama ya maji yaliyo juu mita 20 hivi. Ukiifunga kwenye tanki la matofali itatoa maji ya kudondoka tu, wala haitazunguka. Kwa hiyo ukiona picha ya tanki fupi, na hakuna pampu, kisha mtu akuambia kile kifaa cha mbali ni sprinkla ya kugonga, usikubali upesi.

Vijiti vya kwenye kitalu cha mchicha ni sprinkla ndogo. Mtazijua kwa mambo matatu: husimama juu ya kijiti kilichochomekwa ardhini, kichwani mna kipande kidogo kinachozunguka kama feni, na kila kimoja hupata maji kwa kamba nyembamba ya plastiki, unene wake kama wa penseli. Hizi nazo hazitoshelezwi na tanki la mita moja. Sasa mbona katika picha zarusha maji vizuri? Fuateni bomba lao kwa kidole. Halitoki kwenye tanki hata kidogo. Lapita nyuma ya mipapai na kwenda kisimani, kwenye pampu. Shamba hili lina njia mbili za maji, na mtu akiagiza vifaa bila kuliona jambo hilo atapoteza fedha.

Sasa tuje kwenye ile mipira kumi. Kuna namna mbili za mipira ya matone, na katika picha zaweza kufanana. Ya kwanza ni bomba lenye ukuta mnene, nalo hubaki mviringo hata maji yakifungwa. Ya pili ni tepu, yaani mpira mwembamba ambao maji yakifungwa hulala bapa kama utepe wa nguo, na maji yakifunguliwa huvimba. Picha moja haitoshi kukata shauri. Pigeni mbili, moja koki ikiwa imefungwa na nyingine ikiwa wazi. Katika picha yetu koki imefunguliwa, lakini mtaona ncha ya mpira wa tatu imelala bapa, maana maji hayafiki huko. Basi ni tepu.

Dripa, yaani mahali tone linapotokea, nayo huonekana kwa namna mbili. Katika bomba nene mara nyingi ni kifungo cha plastiki kilichochomekwa kwa nje, nacho hujitokeza kama kupe juu ya ngozi ya ng'ombe. Waweza kukihesabu hata kwa mbali. Katika tepu dripa imo ndani, na kwa nje huoni ila mkato mdogo au tundu. Hapo msitafute dripa. Tafuteni alama ya maji juu ya udongo. Na mtazame mstari wa rangi ulio juu ya tepu. Tepu nyingi zina mstari huo upande wa matundu, na yafaa uelekee juu, ili mchanga ulioingia utulie chini mbali na matundu. Mpira wa saba katika picha hauonyeshi mstari wowote. Umelazwa kichwa chini.

Rangi ya dripa za kifungo isiwadanganye. Mtu husikia kwamba nyekundu ni ya lita nne na nyeusi ni ya lita mbili kwa saa, akaagiza kwa rangi. Kila kiwanda kina rangi zake. La hakika ni namba iliyoandikwa juu ya kifungo, na kama haisomeki, wekeni kikombe chini ya dripa kwa dakika sita, mpime maji, kisha mzidishe mara kumi. Hayo ndiyo maji ya saa moja.

Kipimo hicho cha kikombe kitawashangaza wenye matanki mafupi. Alama za maji katika picha yetu zimeachana sentimita 30, kwa hiyo mpira wa mita 15 una dripa 50. Ikiwa kila moja ni ya lita moja kwa saa, mpira mmoja hunywa lita 50, na mipira kumi lita 500, hata tanki la lita 1,000 lingekwisha kwa saa mbili. Lakini ile lita moja kwa kawaida hupimwa kiwandani kwa nguvu ya maji yaliyo juu mita 10. Kwa tanki la mita moja dripa hutoa karibu theluthi yake tu, na tanki lile litachukua kama saa sita. Mkulima asiyelijua hili hudhani dripa zimeziba, akazing'oa bure.

Na udongo nao husema uongo. Kwenye mchanga wa Kisauni na Likoni tone huzama moja kwa moja, na juu huacha duara ndogo ambayo haifiki kwa mwenzake. Kwenye udongo mzito wa upande wa Changamwe maji hutambaa, na maduara hukutana yakawa mstari mmoja. Kwa hiyo maduara yaliyoachana katika shamba la mchanga si ugonjwa. Ugonjwa ni duara moja kukosekana kati ya mengine, kama jino lililong'oka.

Viungo ndivyo vinavyokosewa zaidi madukani. Kila mpira katika picha huanza kwenye bomba kubwa kwa kiungo chenye koki ndogo, na pale kilipoingia bomba pana pete nyeusi ya mpira ya kuzuia maji yasivuje. Udongo ukiwa na tope chini ya kiungo cha tano, na vingine vikavu, pete hiyo imechakaa au tundu lilitobolewa kubwa mno. Hakuna haja ya kununua koki nzima kabla ya kujaribu pete mpya.

Upande wa pili wa kiungo, unaoshika mpira, ndio wa kutazamwa kwa makini. Kiungo cha bomba nene kina meno, yaani miduara ya ncha kali inayoingia ndani ya bomba na kuling'ata. Kiungo cha tepu kina kikofia cha kuzungusha kwa mkono, chenye mistari kama kizibo cha chupa ya soda ya plastiki, nacho huibana tepu kutoka nje. Ukitia kiungo cha meno matupu ndani ya tepu, tepu hupasuka au huchomoka usiku maji yakifunguliwa. Katika mpira wa tatu mtaona kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa katikati. Hapo tepu ilikatika, labda kwa jembe, na mwenyewe akatia kiungo cha meno, nacho hakikushika. Maji yamwagika hapo, na ndiyo sababu ncha imelala bapa. Anachohitaji ni kiungo kimoja cha kuungia tepu, chenye vikofia viwili, na mkasi wa kukata ncha zikae sawa. Hahitaji mpira mpya, ingawa ndio alioutaka kwa mwenye duka.

Limebaki jambo la weupe. Ukanda wa Kisauni na Likoni ulio karibu na bahari umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vyake hutoa maji yenye chokaa, na vingine maji ya chumvi pia. Vyote viwili huacha weupe, lakini si mahali pamoja. Chokaa hushika kwenye plastiki yenyewe, mdomoni mwa dripa, ngumu kama masalio ya ndani ya birika la chai. Chumvi huonekana juu ya udongo, ukingoni mwa duara la maji, mahali yanapokaukia. Mkiwa na shaka, dondosheni siki au maji ya ndimu: chokaa itatoa povu, chumvi haitatoa. Dripa ya kifungo yenye chokaa, ikiwa ni ya kufunguka, huloweshwa ndani ya siki, ikasuguliwa. Tepu haifunguki, iliyoziba sana hubadilishwa. Na chumvi haiondolewi kwa kubadili dripa yoyote, maana kasoro imo kisimani. Hapo mwite Bwana Shamba apime maji kabla hujanunua kitu.

Mkipiga picha zenu wenyewe, ya kwanza ionyeshe shamba zima pamoja na tanki, ili kimo chake kionekane. Ya pili iwe ya kifaa kilichoharibika, kimefunguliwa na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe, na futi ya fundi imelazwa kando yake. Picha haijui ukubwa: kiungo cha milimita 16 na cha milimita 20 huonekana ndugu pacha. Ya tatu iwe ya maandishi yaliyopigwa juu ya mpira, ambayo hurudiwa kila baada ya hatua chache. Upanguseni udongo kwanza, na mpige kabla ya saa nne za asubuhi, maana jua la mchana hung'arisha plastiki nyeusi hata herufi zisisomeke.