SOMO LA SHERIA: MAWE YALIYO CHINI YA SHAMBA NI YA NANI?



Wengi wetu tunafanya kazi kiwandani Bujumbura au kwenye mashamba ya chai, lakini nyumbani vilimani tuna kipande cha ardhi chenye migomba, kahawa na nyumba ya wazazi. Siku moja unapigiwa simu: watu wa madini wamekuja kupima, wanasema chini ya migomba kuna mali. Baba anauliza, je, tumekuwa matajiri au tunafukuzwa? Somo la leo limetungwa kwa maswali ya kuchagua. Weka kidole juu ya jibu, mwache mwenzako naye achague, ndipo msome maelezo.

SWALI LA KWANZA. Una hati ya ardhi. Chini yake pameonekana madini. Ni ya nani?
(a) Ni yako, kwa sababu shamba ni lako.
(b) Ni ya kampuni iliyoyagundua.
(c) Ni ya Serikali.

Jibu ni (c). Sheria ya Madini ya Burundi ya 15 Oktoba 2013, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya Serikali. Hata ile ya zamani ya mwaka 1976 ilikuwa hivyo. Tanzania na Kenya nako ni vile vile. Walioponzwa na jibu (a) mara nyingi wamesikia habari za Amerika, ambako mwenye shamba anaweza kumiliki na kuuza mafuta au makaa yaliyo chini yake. Ndugu yako aliye huko hakudanganyi, ila anasema sheria ya huko.

Basi fikiri juu ya vitu viwili vilivyolaliana. Cha juu ni ardhi, mazao na nyumba: hivi ni vyako. Cha chini ni madini: si vyako. Kosa linaanza mtu anapochanganya hivi viwili, na kampuni nayo inaweza kuvichanganya kwa faida yake, ikisema, “Madini ni ya Serikali, kwa hiyo ondoka.” La hasha! Kuwa mwenye madini si kuwa mwenye migomba. (Hapa sisemi juu ya mchanga, kokoto na udongo wa matofali. Machimbo ya namna hiyo yana ruhusa zake nyingine.)

SWALI LA PILI. Wageni wanaonyesha karatasi ya Wizara yenye mhuri. Ni leseni ya utafiti. Baada ya majuma mawili wanapakia mawe kwenye malori kumi na kuyapeleka kuuza. Je?
(a) Ni sawa, mhuri upo.
(b) Si sawa, leseni ya utafiti ni ya kutafuta, siyo ya kuvuna.
(c) Ni sawa wakikugawia kidogo.

Jibu ni (b). Mhuri peke yake hauelezi kitu, soma jina la leseni. Utafiti ni kupima, kuchimba mashimo madogo, kuchukua mawe ya kupeleka maabara. Kuvuna na kuuza kunataka leseni ya uchimbaji, na kabla ya kuipata kampuni lazima ionyeshe jinsi mgodi utakavyoendeshwa, madhara kwa maji na udongo, na namna mashimo yatakavyorudishwa. Ukiona karatasi, tazama mambo manne: aina ya leseni, jina la mwenye leseni, mpaka wa eneo, na tarehe ya mwisho. Kilima chako kikiwa nje ya mpaka ule, karatasi hiyo haikuhusu, hata ingekuwa na mihuri mitano. Mkubwa wa kilima na ofisi ya komini ndio wa kuulizwa kwanza.

Mfano mnaujua: Gakara, kama kilomita 20 kusini mwa Bujumbura. Pale kuna mawe yenye madini adimu yanayotumika katika sumaku za mashine na magari ya umeme. Kampuni ya Rainbow ilipata leseni ya uchimbaji mwaka 2015, ya miaka 25, Serikali ikiwa na hisa kumi kwa mia katika kampuni ya hapa nchini. Ilianza kusafirisha mzigo Desemba 2017. Ona: leseni ya 2015 kwa miaka 25 inafika 2040. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo atakuwa na shamba lake mwenyewe. Ndiyo maana suala la fidia si la kumalizwa kwa soda na mkono wa pole.

SWALI LA TATU. Kampuni yenye leseni halali inataka shamba lako lenye kahawa 200, migomba na nyumba ya matofali. Ulipwe nini, na lini?
(a) Bei ya madini yaliyo chini.
(b) Thamani ya ardhi, mazao na nyumba, kabla ya kuondoka.
(c) Thamani ya mazao, watakapoanza kupata faida.

Jibu ni (b). Katiba yetu inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayolipwa kabla. Neno “kabla” ndilo linaloibwa mara nyingi.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu, ili muone njia. Tuseme mti mmoja wa kahawa unaozaa umepangiwa faranga 10,000. Miti 200 ni faranga 2,000,000. Mkaguzi akiandika 80 tu, kwa sababu alipita haraka au alihesabu ile mikubwa peke yake, karatasi inasema 800,000. Umepoteza 1,200,000 bila mtu kukutukana. Kwa hiyo hesabu pamoja naye, mti kwa mti, pamoja na mashahidi wawili, na usitie dole gumba kwenye fomu ambayo mistari yake haijajazwa. Omba nakala siku ile ile. Mke wako awepo, maana mara nyingi ndiye anayejua kila mmea ulipo, na yeye ndiye utakayemwachia shamba ukirudi kazini. Mwenzetu aliyelima maharage kwenye pembe ya ardhi ya mwingine naye aandikishe mazao yake kwa jina lake. Ardhi si yake, lakini jasho la maharage ni lake.

Majirani zetu wa Tanzania wana kinga nyingine inayofaa kujulikana: sheria yao ya mwaka 2010 inataka kibali cha maandishi cha mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 za nyumba. Hata hivyo mkaaji akikataa bila sababu ya maana, mamlaka ya leseni inaweza kuruhusu kazi iendelee. Yaani kibali ni ngao, si ukuta.

SWALI LA NNE. Aprili 2021 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa mawe ya Gakara, na katikati ya mwaka huo ikasimamisha uchimbaji wenyewe, ikilalamika kwamba nchi haipati haki yake katika bei. Kampuni nyingine kadhaa za madini nazo zilisimamishwa. Mgodi wa mfano umefungwa namna hiyo. Je, mwenye shamba la jirani anaweza sasa kuchimba mawe hayo na kuuza?
(a) Ndiyo, kampuni imeondoka.
(b) Ndiyo, akichimba upande wake tu.
(c) Hapana.

Jibu ni (c), na hapa ndipo vijana wengi wanapojikuta polisi. Leseni ikisimamishwa, mawe hayahamii kwa jirani. Yanabaki ya Serikali kama yalivyokuwa kabla kampuni haijaja. Anayetaka kuchimba kwa mikono na sururu aombe ruhusa ya wachimbaji wadogo kwa jina lake au la ushirika. Lakini deni la fidia ni jambo jingine kabisa. Kama karatasi yako ya kahawa 200 haijalipwa, kusimama kwa mgodi hakuifuti. Ipeleke komini pamoja na majina ya mashahidi wako, na nakala ya pili uiache kwa mjumbe wa chama hapo kazini kwako.